Juisi ya ukwaju inachacha kwenye friji

"Juisi yangu ya ukwaju siku ya pili tu ishatoa mapovu, na ni friji! Halafu ina unga unga. Niongeze sukari?"

Huo unga ni mbegu, naona unasaga kwenye blenda. Usisage. Robo kilo ya ukwaju mwagia lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, funika nusu saa, kisha vuruga kwa mkono hadi nyama iachie kokwa. Chuja kwanza kwa chujio la matundu makubwa libaki na kokwa na nyuzi, halafu kwa la chai. Usikamue sana makapi.

Kuhusu sukari: ni kweli inatunza, lakini kwa jamu. Kwa kiasi cha kunyweka, sukari ni chakula cha hamira, ndiyo hayo mapovu. Kinachosaidia ni kuchemsha: rudisha rojo jikoni na sukari kikombe kimoja, litokote dakika tano, sufuria isiwe ya alumini kwa sababu ya ukali wa ukwaju. Likiwa bado la moto mimina kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, likipoa weka friji. Hukaa siku nne, tano.

Maji ongeza wakati wa kunywa, yawe yaliyochemshwa. Sukari onjea ikiwa baridi, maana ubaridi hupunguza utamu. Ikibaki kali, chumvi kidogo kabla ya kuongeza sukari. Chupa ikifunguka kwa "pss", mwaga.