Kaulimbiu ya dobi

"Nina dobi Tabata. Kaulimbiu yetu ni 'Huduma bora kwa bei nafuu' lakini haivuti mtu. Niibadilishe vipi?"

Bandika maneno hayo kwenye kibao cha dobi jirani. Yanamfaa vilevile, sivyo? Na hakuna atakayeandika "huduma mbovu", kwa hiyo mteja hajaambiwa kitu. Hata ukiongeza neno "haraka" umefika nusu njia tu: haraka ni saa ngapi?

Waulize wateja wanaorudi kwa nini hawaendi kwa jirani. Tuseme wengi wanasema nguo wakileta jioni, alfajiri zimeshapigwa pasi. Basi andika: "Leta jioni, vaa asubuhi." Jirani anayeanika kwenye kamba hawezi kuiiga, hasa masika.

Ila ahadi ya muda inabana. Domino's wa Marekani waliahidi pizza ndani ya dakika 30, wakaifuta mwaka 1993 baada ya kesi za ajali za madereva wao. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku, una jenereta? Kama huna, tafuta tofauti nyingine.