Would baada ya if: swali la mfanyakazi wa risepsheni Nungwi

Swali: Assalamu alaykum ticha. Mie nafanya kazi risepsheni kwenye hoteli moja huku Nungwi. Kuna mgeni alichelewa boti nikamwandikia meseji "If you would have told me yesterday I would book the taxi", meneja kaisoma akanambia nimekosea. Skuli tulifundishwa would haikai baada ya if, haya sawa, lakini mbona kadi za vyumbani kwetu zimeandikwa "If you would like an early breakfast, please tell us"? Naomba unifahamishe hizi if zote kuanzia ya zero mpaka ya tatu, na mazoezi kidogo.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Meneja wako kasema kweli na kadi yenu nayo iko sawa, tutafika huko, lakini kwanza tuangalie kosa linatoka wapi maana karibu kila Mswahili analifanya na sababu ni moja tu. Sisi kwenye Kiswahili tunatia alama ile ile pande zote mbili za sentensi. "Ningekuwa na pesa ningenunua", nge huku nge kule. "Ningelijua nisingelikuja", ngeli huku ngeli kule. Sasa mtu akihamia kwenye Kiingereza anafanya hivo hivo, anaweka would huku na would kule. Kiingereza hakitaki. Upande wenye if una umbo lake na upande wa pili una umbo lake, na would kazi yake ni upande wa pili tu.

Ya zero hatutakaa sana. Ni kitu ambacho kila kikitokea hiki na kile hutokea, pande zote mbili unatia wakati uliopo wa kawaida: "If the tide is low, the boat can't come near the beach." Maji yakitoka boti haisogei, leo ndo hivo, kesho ndo hivo. Hapa ukitoa if ukatia when maana haiharibiki.

Ya kwanza ni ya jambo moja ambalo kweli linaweza kuwa: "If the driver comes, I will tell him." Upande wa if wakati uliopo, upande wa pili will na kitenzi kitupu. Wengi wanaandika "If the driver will come", na ukiwauliza watakwambia si tunazungumza mambo ya baadae, basi mbona nisitie will? Kinachowaponza ni ile "kama dereva atakuja", ile ta ndo inayogeuka will. Basi fanya hivi, kabla hujaandika igeuze "kama atakuja" iwe "akija". Dereva akija nitamwambia. Umeona, hapo kwenye "akija" hamna ta, iko upande wa pili peke yake, na Kiingereza kinataka khasa hivo hivo. Ila hiyo ki yetu nayo ina mtego wake, sisi "akija" tunaisema hata kwa mtu ambaye tunajua lazma atakuja, Kiingereza hapo kinakutaka uchague. Mgeni keshalipa na ndege yake ishatua, huyo anakuja tu, useme "When the guest arrives, I'll call you." Ukisema if, utaonekana una shaka kama atafika.

Sasa ya pili, na hapa ndo pa kutulia. Fomula yake ni if na kitenzi cha wakati uliopita, halafu would na kitenzi kitupu: "If I had a boat, I would take you myself." Watu wanaona had wanadhani tunazungumza ya jana. Hapana, ni ya sasa hivi. Lile umbo la zamani halioneshi muda hapa, linaonesha kuwa jambo lenyewe silo, boti sina, nasema tu ingekuwa. Yaani ni nge yetu: ningekuwa na boti ningekupeleka mwenyewe. Na kwa kazi yako wewe tofauti ya ya kwanza na ya pili ni kubwa, tizama mgeni anakuuliza utampeleka sokoni kesho:

"If I have time tomorrow, I will take you." Hapo mgeni atakusubiri, umemwachia tamaa.

"If I had time tomorrow, I would take you." Hapo umemkatalia kwa adabu, na mwenye lugha yake anafahamu kuwa nafasi huna, hatakaa mlangoni na kofia yake.

Maneno karibu yale yale, kesho ile ile, lakini moja ni huenda na moja ni hapana. Ukikosea hapo utagombana na mtu bure. Na kama kitenzi ni be, tia were kwa wote, "If I were you", "If he were here". Was utaisikia sana kwenye mazungumzo na hawatakushangaa, lakini kwenye mtihani au imeili ya kazi andika were.

Ya tatu ni ya jambo lishapita na halibadiliki tena. If, had, na kitenzi cha ile safu ya tatu mliyokuwa mkiikariri skuli, go went gone, hiyo gone. Upande wa pili would have na safu ya tatu tena. Haya twende kwenye meseji yako tuifungue.

"If you would have told me yesterday I would book the taxi." Mna makosa mawili siyo moja. Upande wa if umetia would have, ile nge ya Kiswahili imeingia, ilitakiwa "had told". Hilo la kwanza, na kusema kweli Wamarekani wengi wanalisema hivo wakizungumza kwa hiyo usishangae ukilisikia kwenye filamu, ila kwenye kuandika linahesabiwa kosa. La pili ndo baya zaidi kwa sababu linabadilisha maana. "I would book the taxi" ni ya aina ya pili, ni ya sasa au mbele, kama vile teksi bado inaweza kupatikana, wakati boti ishaondoka. Ilitakiwa:

"If you had told me yesterday, I would have booked the taxi."

Na koma hapo usiisahau, if ikiwa mbele unatia koma, if ikiwa nyuma hutii: "I would have booked the taxi if you had told me yesterday."

Kwa nini tunachanganya ya pili na ya tatu? Kwa sababu vitabuni tunaambiwa nge ni ya sasa na ngali ni ya zamani, lakini mdomoni nani anafuata? Mtu anasema "ungeniambia jana ningekuwekea teksi", anatia nge na jambo la jana, na sote tunamfahamu kwa sababu neno jana lipo. Kiingereza neno yesterday halitoshi, kitenzi chenyewe lazma kioneshe. Basi usitafsiri kwa kutizama nge au ngeli, jiulize swali moja tu, jambo hili bado linaweza kufanyika au nafasi ishapita? Ishapita, nenda ya tatu, hata kama Kiswahili chako kina nge.

Kitu chengine kinachowavuruga ni hii 'd. "If I'd known, I'd have called you." Zinafanana lakini ya mwanzo ni had na ya pili ni would. Tizama kinachofuata: ikifuatwa na safu ya tatu kama known, ni had. Ikifuatwa na kitenzi kitupu, pamoja na hiyo have, ni would.

Haya na kadi ya chumbani. "If you would like" hapo would haina kazi ya nge, would like ni want iliyotiwa adabu. Jaribu kuitoa uweke want: "If you want an early breakfast, please tell us." Imesimama, basi would ruhusa. Ni hivo hivo mnapomwambia mgeni "If you would wait here, please", hapo ni ombi, tafadhali ningoje hapa. Sasa jaribu kwenye meseji yako, hamna pa kutia want wala hamna ombi lolote, ndo maana imekataa. Kwa hiyo alichokufundisha ticha wa skuli ni kweli, ila hakukutajia mlango huu wa adabu, na hotelini ndo mlango unaotumika kutwa.

Mazoezi sasa. Andika kwenye daftari usichungulie majibu, na kila moja sema ni aina gani.

1. If the guest ___ (arrive) late, I will keep his key at the desk.
2. If I ___ (be) the manager, I would change these mattresses.
3. If you had called before six, we ___ (send) a driver.
4. If cloves ___ (get) wet, they go mouldy.
5. We would have seen the dolphins if the sea ___ (not be) so rough.
6. What ___ you ___ (do) if you lost your passport?
7. If it ___ (not rain) tomorrow, we will go to Misali.
8. "If I'd seen him, I'd have told him." Kila 'd ni nini?

Na hizi geuza kwa Kiingereza:

9. Nisingekuwa na kazi sasa hivi ningekuja.
10. Usingechelewa asubuhi ungeiwahi boti.
11. Mgeni akiuliza bei, mwambie anipigie.

Majibu: 1 ni arrives, aina ya kwanza. 2 were, ya pili, umeneja huna. 3 would have sent, ya tatu. 4 get, zero, karafuu zikirowa ndo zilivyo siku zote. 5 had not been, ya tatu, na usitie would not have been. 6 would, do, ya pili, pasi hujaipoteza tunadhania tu. 7 doesn't rain, ya kwanza, ukiandika won't rain ujue ile "kama haitanyesha" imekupitia, sema "isiponyesha". 8 had, halafu would.

9: "If I weren't working right now, I would come." 10: "If you hadn't been late this morning, you would have caught the boat." Hii ndo ya kujipima, Kiswahili kina nge pande zote mbili lakini boti ishakwenda, kwa hiyo ya tatu. Uliyeandika "If you weren't late you would catch the boat" rudi kwenye lile swali la nafasi ishapita au bado. 11: "If the guest asks about the price, tell him to call me." Hapa hamna will kabisa, ni amri, na ya kwanza inaruhusu hivo, hata can na may zinakaa pale pale pa will. Akiwa mgeni ni mwanamke andika tell her, maana sisi "mwambie" yetu haichagui.