Nimeumia kwenye matatu: nimdai nani?

Swali: Mwezi jana nilikuwa abiria katika matatu iliyogonga lori karibu na Gilgil. Nilivunjika mkono na bado sijarudi kazini. Mtu wa SACCO alikuja wodini na shilingi 15,000 na karatasi ya kusaini. Nani hasa anapaswa kunilipa, na nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, dada. Karatasi hiyo usiisaini kabla wakili wako hajaisoma. Nyingi huwa na maneno kwamba umepokea malipo yote na huna dai lingine, na bima huyashikilia hayo baadaye kukataa kulipa.

Pesa hutoka kwa kampuni ya bima ya gari lenye makosa, lakini anayeshtakiwa ni mwenye gari pamoja na dereva wake. Wengi huchanganyikiwa hapa. Chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, bima hulazimika kulipa baada ya mahakama kumhukumu mwenye gari, na kwa dai la mtu mmoja sheria haiidai zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo kinabaki mzigo wa mwenye gari.

SACCO nayo si lazima iwe mwenye gari, hata kama jina lake limeandikwa ubavuni. Wakili atatafuta rekodi za NTSA kwa nambari ya gari, maana sheria humchukua aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwako atatafuta magari mawili. Dereva wa matatu atasema lori lilimwingilia, wa lori atasema kinyume chake, na wewe huna haja ya kuwaamulia: washtaki wenye magari yote mawili, mahakama iwagawie makosa. Abiria hashiki usukani, kwa hiyo ni nadra alaumiwe, ila wakili wa bima hakosi kuuliza kama ulikuwa umefunga mkanda.

Anzia kituo cha polisi kilichoandika ajali. Omba abstrakti, na uhakikishe ina jina lako kama abiria aliyejeruhiwa, nambari za magari yote mawili na bima zake. Abiria aliyekimbizwa hospitali moja kwa moja mara nyingi huachwa nje ya orodha. Chukua pia fomu ya P3 ijazwe na daktari, na utunze kila risiti, kwani gharama isiyo na risiti mahakama haikurudishii.

Kisha wakili huwaandikia wenye magari barua ya madai na kuzijulisha bima kwamba kesi inakuja. Barua ya bima ikisahauliwa, unaweza kushinda kesi na bima ikakataa kulipa. Aipeleke kabla ya kufungua kesi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Mazungumzo na bima hayasimamishi hesabu hiyo, hata wakikuahidi hundi kila wiki.