Kava leta baada ya kukaa nyumbani na watoto

Swali: Habari. Niko Nakuru, nilikuwa akaunts klaki kwa hadwea mpaka 2017 nikaacha kazi nilee watoto. Sasa kuna agroveti inatafuta klaki, na nashindwa hiyo miaka niiwekeje kwa kava leta. Niombe msamaha, ninyamaze ama nieleze yote?

Jibu: Salama dada. Ukinyamaza ataona tu kwa sivii, halafu aanze kujiuliza kama ulifutwa. Weka sentensi moja, paragrafu ya pili, si ya kwanza. Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza lakini maana iwe hivi: "Tangu 2017 nimekuwa nyumbani nikilea watoto, sasa wote wako shule na niko tayari kwa kazi ya kutwa." Imetosha. Idadi ya watoto, umri wao, nani atabaki nao, hayo hayamhusu, na usiombe msamaha, maanake hakuna kosa.

Mimi kazi yangu ni kuajiri, na nikisoma barua ya klaki aliyekaa nje hivyo, watoto hawanisumbui. Nachoogopa ni vitabu vyake kuwa vya zamani. Ulipotoka ulikuwa unakata NHIF kwa peiroli, si ndio? Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, halafu kuna ile levi ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na mwajiri anaongeza 1.5 yake. Invoisi nazo zimeingia eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutoa invoisi kwa mtandao, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS kwa kawaida KRA haikubali uitoe kwa hesabu ya kodi. Sasa fikiria mwenye agroveti, ananunua dawa na mbegu kwa masaplaya kibao, hiyo ndio inamkosesha usingizi. Kwa hivyo paragrafu ya tatu, hapo ndio ukae sana, mwambie unajua kukata SHIF na pesa ya nyumba, na kwamba utahakikisha kila saplaya ameleta invoisi ya eTIMS kabla alipwe.

Lakini usiandike umeifanya kama umeisoma tu, juu kwa intavyu atakugeuzia laptopu akwambie haya toa moja. Kama kuna mtu wako ana kibiashara kidogo, msaidie kutoa invoisi zake kwa eTIMS Lite, hata kwa simu inaingia kwa *222#, ndio uandike "natoa invoisi" bila kudanganya.

Ile ya kujiita "meneja wa nyumba" achana nayo, watu huicheka. Kama ulikuwa mweka hazina wa chama hiyo weka, ila iwe na kitu cha kushika: wanachama wangapi, na kwamba kila mwisho wa mwezi ulikuwa unalinganisha kitabu na stetimenti ya M-Pesa.

Na kabla utume, pigia bosi wako wa hadwea. Labda alibadilisha namba ama amekusahau, na refarii anayeuliza "nani huyo?" atakuharibia kuliko hiyo miaka yote.