Damu iliyokaukia kwenye shuka la pamba

"Shuka langu jeupe lina doa la damu la wiki nzima. Nimeshalifua mara mbili, halitoki. Nifanyeje?"

Kama ulitumia maji ya moto, ndiyo sababu: joto huigandisha protini ya damu kwenye nyuzi. Loweka usiku kucha kwenye maji baridi yenye chumvi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Maji yakigeuka kahawia, mwaga uweke mengine. Kisha paka sabuni ya mche na usugue kwa upande wa nyuma, damu isukumwe itoke ilikoingilia.

Kikibaki kivuli cha kahawia, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Itatoa povu, likitulia, suuza, rudia. Shuka la rangi lijaribu pembeni kwanza, maana huweza kupauka. Na pasi usiiguse kabla doa halijaisha kabisa.