Kichwa cha video: Kiswahili, Kiingereza, au vyote viwili?

Swali: Nafundisha Excel kwenye YouTube. Naongea Kiswahili, ila Kiingereza kimejaa humo humo, na watazamaji wangu nao wanachanganya hivyo hivyo. Sasa hivi kila kichwa naandika mara mbili, Kiingereza kwanza halafu Kiswahili, nikitenganisha kwa mstari. Je, lugha kuu ya kichwa iwe ipi? Na kule Studio nichague Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Chagua Kiswahili, sehemu zote mbili. Jina la kitu unachofundisha liache kama linavyoandikwa kwenye programu yenyewe, na toleo la Kiingereza ulilolibandika mbele uliondoe.

Nimeanza na lugha ya kuongea kwa sababu hapo ndipo wengi hujichanganya. Mtu husikiliza video yake, anahesabu maneno ya Kiingereza, anaona ni mengi, anahitimisha kwamba video ni ya Kiingereza. Kuhesabu maneno hakusaidii. Chukua sentensi ya kawaida ya somo kama lako: "Sasa tutakopi fomula hii mpaka chini, halafu tunacheki kama eroo imetoka kwenye kolamu ya bei." Kopi, fomula, cheki, eroo na kolamu vyote vimetoka Kiingereza. Lakini angalia nani anaendesha sentensi. Nafsi na wakati vimebebwa na "tuta-" na "tuna-". "Eroo" imepewa ngeli na kitenzi kinafuata: "imetoka". Viunganishi ni "sasa", "halafu", "kama", "mpaka". Nyumba ni ya Kiswahili, wageni wameingia na kuketi walipoelekezwa.

Mwanaisimu Carol Myers-Scotton aliieleza hali hii kwa kina mwaka 1993, na sehemu kubwa ya mifano yake ilitoka kwenye mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza ya Nairobi. Hoja yake ni kwamba watu wanapochanganya lugha, moja huwa kiunzi: ndiyo inayotoa mpangilio wa maneno na vile viambishi vidogo, na nyingine huchomeka maneno yenye maana ndani ya kiunzi hicho. Kwa kazi yako kipimo chake ni chepesi. Sikiliza dakika mbili za video, puuza nomino zote, usikilize vitenzi vinaanza na nini. Ukisikia ni-, tu-, una-, ime-, ku-, lugha kuu ni Kiswahili hata kama kila nomino ni ya kigeni. Mtu ambaye kiunzi chake ni Kiingereza utamjua mara moja: anasema sentensi nzima za Kiingereza, Kiswahili chake ni "sawa", "sasa" na "yaani" za kuvuta pumzi. Huyo kichwa chake kiwe cha Kiingereza, hata akiwa na jina la Kiswahili na watazamaji wa Kiswahili.

Tuje kwenye kichwa chenyewe. Nachukulia una video ya VLOOKUP na umeiandika kwa mtindo uliouelezea:

```
How to Use VLOOKUP in Excel for Beginners | Jinsi ya kutumia VLOOKUP kwenye Excel
```

Hizo ni herufi 81, pamoja na nafasi. YouTube inaruhusu mpaka 100, kwa hiyo hukukosea kanuni. Tatizo ni kwamba kwenye simu kichwa hupewa mistari michache, kinachozidi kinaishia kwenye nukta tatu. Kiswahili chako kinaanza baada ya herufi ya 44. Mtu anayepitisha kidole haraka anaona kichwa cha Kiingereza, kimesimama katikati ya video nyingine za VLOOKUP za Kiingereza kutoka kila pembe ya dunia. Anayeijua Kiingereza pekee akibofya anakutana na "karibuni tena", anatoka. Anayetaka kusikia Kiswahili, ambaye ndiye wako, hana cha kumwambia kwamba amefika. Umempoteza yule na huyu kwa kichwa kimoja.

Andika hivi badala yake:

```
VLOOKUP kwa Kiswahili: jinsi ya kutafuta bei kwenye Excel
```

Herufi 57. VLOOKUP imebaki kama ilivyo kwa sababu ndivyo mtu atakavyoiandika kwenye seli, na ndivyo atakavyoiandika anapotafuta. Mjerumani ana haki ya kuandika SVERWEIS kwa kuwa Excel yake inamwonyesha jina hilo. Sisi tukibuni neno letu tutamwacha mwanafunzi akiliandika kwenye seli na kupata kosa.

Hilo "kwa Kiswahili" nimelitanguliza makusudi. Lugha ambayo mtu anaandika anapotafuta siyo lazima iwe lugha anayotaka kusikia. Anayechanganya lugha huandika jina la kitu kwa Kiingereza, kisha anaongeza ombi lake la lugha mwishoni: `vlookup kwa kiswahili`, au hata `excel in swahili`. Huyu wa mwisho ameandika Kiingereza kitupu, na anachotafuta ni wewe. Kwa hiyo kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, chini ya video, weka sentensi moja yenye neno Swahili kwa tahajia ya Kiingereza. Kichwa hakihitaji kulibeba.

Usinichukulie neno langu tu, maana ushahidi unao mwenyewe. Fungua takwimu za chaneli, ingia kwenye vyanzo vya watazamaji, bofya `YouTube search`. Utaona orodha ya maneno waliyoandika watu mpaka wakafika kwako. Kwa kila neno jiulize hilo hilo la kiunzi. `jinsi ya kutumia vlookup` ni Kiswahili. `vlookup kwa kiswahili` ni Kiswahili. `vlookup` peke yake haina lugha, iache nje ya hesabu. `how to use vlookup` ni Kiingereza. Ukikuta hizi za mwisho zimejaa, usikimbilie kubadili uamuzi. Zinaweza kuwa zimejaa kwa sababu kichwa chako kilianza na maneno hayo hayo. Takwimu zinakuonyesha waliokupata, ambao hawakukupata hawamo. Ndiyo maana naongeza hatua moja: fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, nenda YouTube, andika `jinsi ya kutumia` na jina la programu, uone mapendekezo yanayojitokeza. Hayo hayajaathiriwa na historia yako.

Kuna kero moja ndogo ya Kiswahili ambayo Kiingereza hakina. Vitenzi vyetu vinabadilika mwanzoni. Mmoja ataandika "natumiaje", mwingine "unatumiaje", mwingine "kutumia". Kwenye kichwa shikilia umbo la "jinsi ya ku-", kwa sababu ndilo ambalo watu huliandika wanapotafuta maelekezo. Vitenzi vilivyochanganywa, kama kile cha kushusha faili ambacho mmoja huandika kwa kistari, mwingine kwa kuunganisha na mwingine kwa tahajia ya Kiswahili, viepuke kwenye kichwa. Vitumie mdomoni kadiri unavyotaka.

Sasa Studio. Chini ya maelezo ya video, ukifungua sehemu iliyofichwa, kuna visanduku viwili ambavyo watu huvidhania ni kimoja. `Video language` inauliza unaongea lugha gani. `Title and description language` inauliza kichwa na maelezo vimeandikwa kwa lugha gani. Weka Kiswahili kote kuwili, na uweke hivyo kwenye mipangilio ya awali ya kupakia ili usirudie kila mara. Kama unapakia kwa programu yako mwenyewe, ni hivi:

```json
"snippet": {
  "title": "VLOOKUP kwa Kiswahili: jinsi ya kutafuta bei kwenye Excel",
  "defaultLanguage": "sw",
  "defaultAudioLanguage": "sw"
}
```

Mtego upo mbele kidogo, na mimi mwenyewe niliuingia. Studio inakuruhusu kuongeza tafsiri ya kichwa kwa lugha nyingine. Nikaona nimepata suluhisho: Kiswahili kiwe cha asili, Kiingereza kiwe tafsiri, kila mtu aone chake. Baada ya siku kadhaa rafiki akaniuliza kwa nini nimeanza kuandika vichwa vya Kiingereza. Anaongea Kiswahili tangu alfajiri mpaka usiku, ila simu yake imewekwa Kiingereza, kama ilivyotoka dukani. YouTube huchagua tafsiri kwa kufuata mpangilio wa lugha, haina habari mtu anaongea nini nyumbani kwake. Kwa watazamaji wanaochanganya hilo ni pigo, kwa sababu wengi wao simu zao zinasoma Kiingereza. Ile tafsiri niliyomwekea mgeni ilikuwa inaonwa na wenyeji.

Kwa hiyo usiongeze tafsiri ya Kiingereza ya kichwa mpaka video yenyewe iwe na kitu cha kumpa mtu wa Kiingereza, yaani manukuu uliyoyahakiki au sauti ya pili. Na hata hapo, fungua video kwa simu iliyowekwa Kiingereza uone mtazamaji wako wa kawaida anaona nini.

Ukianza kubadilisha, badilisha kichwa peke yake. Picha ya jalada iache, la sivyo hutajua kipi kilifanya kazi. Linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada, kwa watu waliotoka kwenye utafutaji tu, maana video ikipendekezwa ghafla mahali fulani itakuvurugia kila kitu. Angalia mambo mawili kwa pamoja: asilimia ya waliobofya baada ya kuona, na wangapi bado wapo kwenye sekunde ya 30. Inawezekana kabisa walioiona video wapungue, kwa kuwa umejitoa kwenye foleni ya Kiingereza. Hilo lisikushtue kama waliobaki kwenye sekunde ya 30 wameongezeka. Kama vyote viwili vimeshuka, rudi usikilize tena dakika zile mbili za mwanzo. Huenda unaanza kila somo kwa utangulizi wa Kiingereza bila kujua, na kichwa cha Kiswahili kimeahidi kitu ambacho mtu hakisikii mpaka dakika ya tatu.

Anza na video tano zinazopata watu wengi zaidi kupitia utafutaji. Zile zinazoishi kwa viungo vilivyotumwa kwenye magrupu ziache zilivyo kwa sasa, kwani aliyetumiwa kiungo na rafiki ameshaambiwa ni ya lugha gani.