Picha ya skrini ya M-Pesa ionyeshe nini?

"Nauza viatu Nairobi. Mteja akinitumia picha ya skrini ya M-Pesa, niangalie nini kabla ya kuachia mzigo?"

Ndugu muuzaji, picha ionyeshe ujumbe wenyewe kuanzia neno la kwanza: msimbo wa muamala, kiasi, jina la aliyelipwa, tarehe na saa. Mteja akificha salio lake ni haki yake, lakini asikate msimbo.

Msimbo huo una herufi na tarakimu 10, na mwanzo wake hubeba tarehe. Chukua unaoanza na TCF: T ni mwaka 2025, C ni mwezi wa tatu, na F ni siku ya 15, kwa sababu baada ya 9 siku huhesabiwa kwa herufi, A ikiwa 10. Ujumbe wa tarehe 20 wenye msimbo huo umechezewa. Jina nalo lilingane na lako au la tili yako. Wapo wanaotuma kwa rafiki, kisha wanabadilisha jina.

Hata hivyo, picha iliyotimia hukusaidia kutafuta malipo tu, haithibitishi kwamba pesa imekufikia. Linganisha msimbo na ujumbe uliopokea mwenyewe, au na taarifa ya akaunti yako, kwani ujumbe unaodai kutoka M-Pesa lakini umetumwa na namba ya kawaida ni wa kughushi. Mteja anaweza pia kuomba pesa irudishwe kwa kutuma ujumbe wake wa malipo kwenda 456, kwa hiyo ukiona kiasi kimezuiwa, usitoe viatu, na uwapigie huduma kwa wateja.